Asali safi, tumbo changa: kwa nini mtoto hapewi asali kabla ya kutimiza mwaka

Mnunuzi wa asali mjini Mombasa huwa na mitihani yake. Pale Marikiti au Mwembe Tayari, ambako asali ya Kitui na Baringo huuzwa kwenye chupa zilizowahi kuwa za maji au soda, atachovya njiti ya kiberiti aone kama itawaka, kisha atadondosha tone kwenye glasi ya maji aone kama litazama zima zima. Mitihani hiyo ina kasoro zake, lakini hata tukiiamini yote, inajibu swali moja tu: je, asali hii imetiwa sukari au maji? Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu ana swali jingine kabisa. Kwa swali lake, asali halisi iliyotoka mzingani jana haina nafuu yoyote kuliko iliyochakachuliwa.

Anachopaswa kukihofia hakionekani wala hakina ladha. Ni spora za bakteria anayeitwa Klostridiumu botulinumu. Bakteria huyu huishi kwenye udongo, vumbi na matope, na mazingira yakimkalia vibaya hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala. Hiyo ndiyo spora, na inaweza kulala miaka mingi ikingoja. Kenya si mgeni wake: mwaka 1980 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha taarifa ya Wakenya waliopata sumu ya bakteria huyu baada ya kula kumbikumbi. Nyuki naye hutua kwenye maua yenye vumbi na hunywa maji ya madimbwini, kwa hiyo si ajabu akirudi mzingani na spora chache.

Ndani ya asali spora hizo hazifanyi lolote. Asali ina maji machache, kwa kawaida chini ya asilimia 20, tena ina uchachu, na bakteria huyu hawezi kuamka katika hali kama hiyo. Hazaliani na hatoi sumu. Ndiyo maana asali yenye spora haichachi kwa sababu yake, haitoi povu na wala haibadiliki harufu. Mkebe wa chakula ulioharibika unaweza kuvimba ukakuonya, ilhali asali haikuonyi, kwa sababu yenyewe haijaharibika. Utafiti wa mwanzo uliofanywa California miaka ya 1970 ulipima sampuli 90 za asali na kukuta spora katika 9. Asali nyingi, basi, hazikuwa nazo, lakini aliyeshika kijiko jikoni hana njia ya kujua yake iko upande gani.

Mtu mzima akila asali hiyo hadhuriki. Spora zinapita tumboni, zinafika kwenye utumbo mpana, na huko zinakuta mji umejaa. Mabilioni ya bakteria wa kawaida wameshika kila nafasi na kila chembe ya chakula, na spora haipati pa kuota. Inatoka kama ilivyoingia. Utumbo wa mtoto wa miezi michache bado haujajaa hivyo. Bakteria wake ni wachache na aina zao ni chache, na asidi ya tumbo na nyongo yake havijafikia nguvu za mtu mzima. Spora ikifika huko inapata joto, unyevu, giza na mahali pasipo na hewa ya oksijeni, yaani kila ilichokikosa ndani ya asali. Inaamka, inazaliana na kuanza kutengeneza sumu humo humo utumboni. Inakadiriwa kwamba spora chache sana, pengine kati ya 10 na 100, zinatosha kuanzisha ugonjwa.

Jambo hili halikujulikana mpaka mwaka 1976, madaktari wa California walipotambua kwamba watoto wachanga hupata botulizimu, ugonjwa wa kulegea misuli unaoletwa na sumu ya bakteria huyu, bila kula chakula chenye sumu. Kabla ya hapo ugonjwa huu ulijulikana kama wa watu wazima waliokula sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya mkebe au nyama iliyohifadhiwa vibaya. Kwa mtoto, chakula huleta spora tu, na sumu hutengenezwa ndani ya mwili wake.

Tofauti hiyo kati ya sumu na spora ndiyo inayowachanganya wanaouliza kama asali ikichemshwa itakuwa salama. Sumu yenyewe ni dhaifu mbele ya moto, na dakika 10 za kuchemka zinaivunja. Spora haziulizi moto wa jikoni. Zinastahimili maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hata kwa saa kadhaa, na viwanda vya mikebe hulazimika kutumia mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121 ili kuziua. Asali ya kiwandani hupashwa joto la chini mno kuliko hilo. Kijiko cha asali kilichokorogwa kwenye uji wa moto, au kilichotiwa ndani ya unga wa biskuti, kinabaki na spora zake, kwa sababu katikati ya biskuti iliyomo ovenini hapafiki joto hilo.

Sasa tuangalie asali inavyomfikia mtoto hapa kwetu, maana haimfikii kama chakula. Inamfikia kama heshima na kama dawa. Mtoto akizaliwa, familia nyingi za pwani humfanyia tahniki, kitu kitamu kikasuguliwa kwenye kaakaa lake. Mapokeo yanayotajwa ya Mtume (S.A.W.) ni ya tende. Asali imeingia kama badala ya tende pale isipopatikana, na sijui ni lini tende ilikosekana Mombasa. Tende laini iliyooshwa, ikapakwa kidogo mno kwa kidole kilichonawa kwa sabuni, bila kubakisha kipande cha kumkaba, inatimiza lililokusudiwa. Wala hakuna anayebishana na aya ya Surat An-Nahl juu ya tiba iliyomo katika asali. Anayezungumziwa hapa ni mgonjwa mmoja tu, yule ambaye tumbo lake halijawa tayari kwa dawa hiyo.

Njia ya pili ni kikohozi na mafua: asali na ndimu, nusu kijiko asubuhi na nusu jioni. Ya tatu ni choo. Mtoto akikaa siku mbili tatu bila kupata choo, nyanya yake ataleta asali imlainishe. Njia hii ya tatu ndiyo inayonitisha zaidi, kwa kuwa kufunga choo ndiyo dalili ya kwanza ya botulizimu kwa watoto walio wengi. Asali inayotolewa kama tiba ya choo inaweza kumkuta mtoto ambaye tayari choo chake kimefungwa na asali ya wiki iliyopita.

Tuifuate hatua kwa hatua kwa mtoto wa kubuni. Tumwite Salim, ana miezi mitatu na nusu, anaishi Kisauni na ananyonya maziwa ya mama peke yake. Alipata mafua, akalambishwa asali na ndimu kwa siku tatu. Mafua yakaisha, na nyumba nzima ikaisifu asali. Spora huchukua kati ya siku 3 na siku 30 kuleta dalili, kwa hiyo siku ya kumi, Salim alipoacha kupata choo, hakuna aliyekumbuka mafua.

Hapa pana mtego. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila choo akawa mzima kabisa, kwa hiyo kukosa choo peke yake si ugonjwa. Kinachotofautisha ni nguvu ya kunyonya. Siku mbili baadaye mama yake anahisi titi halipungui. Mtoto analishika, anavuta mara mbili tatu, kisha analiachia na maziwa yanamwagika pembeni mwa mdomo. Kilio kilichokuwa kikisikika mpaka kwa jirani sasa hakitoki chumbani. Watu wanasema ana usingizi, kwa sababu kope zimeshuka nusu, lakini akiguswa anaonekana yuko macho. Uso hauna tabasamu wala hasira. Mate yanamtiririka kwa kuwa kumeza kumekuwa kazi. Siku inayofuata shingo iliyokuwa imeanza kukaza inaanguka nyuma akiinuliwa, halafu mikono, halafu miguu.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa anayejua kuusoma. Ulegevu huanzia juu kushuka chini: macho, uso, koo, shingo, mikono, kifua, miguu. Tena hushika pande zote mbili sawasawa. Homa kwa kawaida haipo, isipokuwa mtoto awe na maradhi mengine juu yake. Mtoto aliyelegea kwa malaria kali au kwa maambukizi ya damu mara nyingi huwa na joto, au angalau anaonekana mgonjwa kwa namna nyingine. Salim mwili wake ni wa kawaida kwa mkono wa mama, na hilo laweza kumfanya mama angoje siku moja zaidi. Asingoje, kwa sababu baada ya shingo huja misuli ya kupumua.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ubongo ukitaka msuli ufanye kazi hutuma amri kupitia neva, na mwisho wa neva kuna vifuko vidogo vilivyojaa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo lazima ivuke pengo jembamba mno iufikie msuli. Fikiria feri ya Likoni imefika gatini na abiria wote wamo, lakini ule mlango wa chuma wa kuteremkia umekwama na haushuki. Chombo ni kizima, abiria ni wazima, na hakuna anayefika ng'ambo. Sumu ya botulinumu huingia kwenye ncha ya neva na kukata protini zinazoviwezesha vifuko vile kufunguka. Msuli haujaumia, haujapata amri tu. Ubongo nao hauguswi. Salim anasikia, anaona, anahisi maumivu na anamtambua mama yake, ila hana namna ya kuonyesha. Wauguzi wanaolijua hili huendelea kuzungumza naye, nao hawakosei.

Ncha ya neva iliyoshikwa na sumu haizibuliwi kwa dawa. Lazima neva ijitengeneze upya, na kazi hiyo huchukua wiki hata miezi. Kwa hiyo matibabu kwa sehemu kubwa ni kumshikilia mtoto hai na salama wakati mwili wake unajijenga: mpira wa kumlishia unaopitishwa puani, maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kumlaza namna ambayo mate hayataingia mapafuni, na mashine ya kupumulia ikiwa kifua kimeshindwa. Ipo dawa ya kinga mwili iliyotengenezwa kutokana na damu ya watu waliochanjwa, ambayo huikamata sumu inayozunguka kabla haijafika kwenye neva. Jimbo la California ndilo linaloitengeneza, na iliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliopewa walikaa hospitalini wastani wa wiki 2.6 badala ya 5.7. Ni tofauti kubwa, lakini dawa hiyo ni ghali mno na iko mbali, na hairudishi kilichokwisha kukatwa. Huku kwetu nguzo ni uuguzi mzuri na mashine ya kupumulia. Mtoto aliyepata hivyo viwili kwa wakati kwa kawaida hupona kabisa, bila ulemavu wa akili wala wa viungo.

Kuna jambo moja ambalo mzazi anaweza kulibadilisha kwa sentensi moja hospitalini. Mtoto mchanga aliyelegea na asiyenyonya hushukiwa kwanza kuwa na maambukizi makali, na mwongozo wa tiba ya watoto nchini ni kuanza haraka penisilini au ampisilini pamoja na jentamaisini. Uamuzi huo ni sahihi na umeokoa watoto wengi, kwa hiyo sitaki mtu aondoke hapa akikataa sindano. Lakini jentamaisini, na dawa nyingine za ukoo wake, hudhoofisha mawasiliano yale yale ya neva na msuli ambayo sumu ya botulinumu imeyakata. Kwa mtoto kama Salim inaweza kuwa ndiyo inayoizima pumzi. Daktari akiambiwa mapema, "Daktari, mtoto huyu alilambishwa asali wiki mbili zilizopita, alianza kwa kufunga choo, kisha kope na shingo," ataifikiria botulizimu, ataweza kuchagua dawa nyingine, na atamweka karibu na mashine ya kupumulia. Kipimo cha kuthibitisha hutafuta sumu au bakteria kwenye choo cha mtoto, kinahitaji maabara maalumu na majibu huchukua siku. Maelezo ya mama hufika kabla ya maabara.

Na hapa ndipo aibu huua. Mama anaogopa kumtaja mama mkwe aliyeleta kijiko, au nyanya anaogopa kulaumiwa, basi asali haitajwi. Itajwe hata kama ni tone la siku ya kwanza, na itajwe bila kutafuta mkosaji, kwa sababu watoto wengi wanaopata ugonjwa huu duniani hawakuwahi kuonja asali kamwe. Walivuta au kumeza spora za vumbi, ambalo hakuna mzazi awezaye kulizuia. Asali imetengwa kwa sababu kati ya njia zinazojulikana, hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu kuiepuka.

Hilo linajibu nusu ya swali ambalo kila nyanya huuliza, tena kwa haki: mbona sisi sote tulilambishwa na tuko hai? Nusu nyingine ni hesabu. Chupa nyingi hazina spora, na wengi wa watoto wanaozimeza hawaugui. Ugonjwa ni adimu. Lakini walioupata zamani hawakuandikwa hivyo. Mtoto aliyelegea akaacha kunyonya na kufariki usiku alisemwa kuwa alikuwa na homa ya ndani, kapatwa na jicho la mtu, au hakupewa umri. Ugonjwa usiopimwa hauna idadi, na Afrika visa vilivyoripotiwa ni haba mno. Nami sioni ni faida gani asali inampa mtoto wa miezi minne hata istahili kuwekwa kwenye mizani na hatari ya mashine ya kupumulia, hata kama hatari hiyo ni ndogo.

Mwaka mmoja haukuchaguliwa kwa sababu siku ya kuzaliwa ina kinga. Visa vingi huwapata watoto walio chini ya miezi 6, hasa kati ya mwezi wa pili na wa nne. Baada ya hapo mtoto anaanza uji, viazi na ndizi, bakteria wa utumboni wanaongezeka aina, na nafasi ya spora kuota inapungua mwezi baada ya mwezi. Kufikia miezi 12 karibu watoto wote wamevuka. Mpaka umewekwa hapo ili usihitaji kumkisia mtoto wako.

Mama anayenyonyesha hahusiki na katazo hili. Aliye katika arobaini anaweza kula asali yake kwenye uji wenye viungo kama kawaida, kwa kuwa spora hazipiti kwenye damu wala maziwa. Anawe mikono tu kabla ya kumshika mtoto, na asipake asali kwenye chuchu iliyopasuka. Vivyo hivyo zile chuchu za plastiki za kumtulizia mtoto: mwaka 2018 watoto wanne huko Texas walilazwa na botulizimu baada ya kupewa zilizotiwa asali ndani, zilizonunuliwa Meksiko. Nafaka na biskuti za watoto zisomwe pembeni, kwa kuwa baadhi hutiwa asali kwa ladha.

Kama mtoto wako ameshalambishwa jana, usimtapishe na usitafute dawa ya kuzuia, maana hakuna. Hakuna pia haja ya kumkimbiza hospitalini akiwa mchangamfu. Andika tarehe ya asali nyuma ya kadi ya kliniki, kisha kwa siku 30 uangalie mambo manne: choo, nguvu ya kunyonya, sauti ya kilio na jinsi kichwa kinavyokaa akiinuliwa. Choo kikifunga huku mojawapo ya mengine matatu likipungua, ondoka siku hiyo hiyo. Usimpe kitu chochote mdomoni njiani ikiwa anashindwa kumeza, na chukua ile chupa ya asali pamoja na nepi yenye choo chake cha mwisho ukiwa nayo.